Kinga ya jamii haimkingi kila mtu

Ndugu wasikilizaji, wazazi, walimu na wenzangu wa huduma za afya, asanteni kwa kuja.

Kila surua inapozuka mahali panapojulikana kuwa pamechanjwa vizuri, kuna swali ambalo haliepukiki. Watu husema: mlituambia tumefikia kinga ya jamii, sasa hawa watoto wanaugua vipi? Wengine huuliza kwa hasira, wengine kwa kejeli, na mzazi ambaye mwanawe ndiye amelazwa huuliza kwa uchungu. Ni swali la haki. Nimekuja kulijibu, na nitatumia surua tu kama mfano, kwa sababu ndiyo ugonjwa unaoonyesha jambo hili waziwazi kuliko mengine yote.

Kinga ya jamii maana yake ni hii: watu wenye kinga wamekuwa wengi kiasi kwamba ugonjwa, ukiingia, haupati watu wa kutosha wa kuendelea nao. Mgonjwa mmoja anaambukiza, kwa wastani, mtu pungufu ya mmoja. Mlolongo unafifia, kisha unakatika. Basi, ni hayo tu. Angalieni kwamba katika maelezo hayo sijasema lolote kuhusu mtoto fulani aliyeketi dawati fulani. Nimezungumzia mlolongo wa maambukizi. Kinga ya mwili ni mali ya mtu, iko kwenye damu yake na anatembea nayo. Kinga ya jamii haiko kwenye damu ya mtu yeyote. Mtoto asiye na kinga anayeishi katikati ya watu wenye kinga hana kingamwili hata moja zaidi ya aliyezaliwa kisiwani peke yake. Alichonacho ni bahati ya kutokukutana na virusi, na bahati hiyo inategemea majirani zake.

Sasa twende kwenye hesabu. Msiogope, ni ya kuzidisha na kutoa tu.

Kila ugonjwa wa kuambukiza una namba yake, ambayo wataalamu huiandika R0. Inaeleza hivi: mgonjwa mmoja akiingia katika jamii ambayo hakuna hata mtu mmoja mwenye kinga, ataambukiza wangapi? Kwa surua jibu linalotajwa sana ni kati ya 12 na 18. Ni namba kubwa mno, na kuna sababu. Virusi vya surua husafiri hewani. Mtoto mwenye surua akikaa kwenye chumba cha kusubiri daktari, akikohoa na kupiga chafya, kisha akaondoka na mama yake, hewa ya chumba kile inaweza kuendelea kuambukiza kwa muda wa hadi saa 2. Anayeingia baadaye na kuketi kwenye benchi lile lile hajamwona mgonjwa, wala hajamgusa mtu. Tena mtoto huyo huanza kuambukiza siku kama 4 kabla ya upele kutokea, wakati anaonekana ana mafua, macho mekundu na homa tu. Hakuna mwalimu atakayemrudisha nyumbani kwa hilo, na hakuna mzazi atakayeshtuka.

Tuchukue shule yenye watoto 1,000, na tuseme R0 ni 15, katikati ya ile 12 na 18. Surua ikiingia na hakuna mwenye kinga, mgonjwa wa kwanza anaambukiza 15. Kama 800 wana kinga, watu 15 wale wale wanaofikiwa na virusi, 12 kati yao hawaambukizwi, wanabaki 3. Kila mgonjwa anazaa wagonjwa 3, nao 9, nao 27. Mlipuko unakua. Kama wenye kinga ni 900, kila mgonjwa anaambukiza mmoja na nusu. Bado unakua, ila polepole. Wakifika 933 hivi, kila mgonjwa anaambukiza mmoja tu. Hapo ndipo kizingiti kilipo. Wakiwa 940, kila mgonjwa anaambukiza 0.9, na mlolongo unaelekea kufa. Kanuni yenyewe ni 1 - 1/R0. Kwa R0 ya 12 inatoa kama asilimia 92, kwa 18 inatoa kama 94.

Tusimame kwenye shule ile ya watoto 940 wenye kinga, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Kwa R0 yetu ya 15, shule hii imefikia kinga ya jamii. Je, kuna watoto wangapi ambao surua ikiwafikia wataugua? Sitini. Hao 60 hawakupungua hata mmoja kwa sababu shule imevuka kizingiti.

Na je, surua ikiingia, wataugua wangapi? Msikilizaji wa haraka atasema hakuna, si tumesema ina kinga ya jamii? Hapana. Mgonjwa wa kwanza anaambukiza 0.9 kwa wastani, huyo naye 0.9, na kuendelea: 1, kisha 0.9, kisha 0.81, kisha 0.73, hadi sifuri. Ukijumlisha mlolongo mzima unakaribia wagonjwa 10. Mara nyingine atakuwa mmoja na basi, mara nyingine watafika 20 au zaidi, lakini wastani wa hesabu ni huo. Na kwa kuwa kati ya mgonjwa mmoja na anayemfuata hupita kama wiki 2, mlolongo kama huo unaweza kuwasumbua kwa miezi. Kwa hiyo mnaweza kuwa na kinga ya jamii, na bado wazazi kadhaa wakakesha hospitalini. Kuvuka kizingiti kunahakikisha kwamba moto hautaenea shule nzima. Hakuhakikishi kwamba hautaunguza mtu.

Ndiyo maana mimi sipendi kizingiti kinapozungumzwa kama mstari wa kumalizia mbio, kwamba ukiufikia unakaa chini. Shule ambayo kila mgonjwa anaambukiza 0.5 badala ya 0.9 itapata, kwa wastani, wagonjwa 2 tu kwa kila surua inayoingia. Tofauti kati ya 10 na 2 ni kubwa sana, na zote mbili ziko upande ule ule wa kizingiti.

Sasa kuna jambo la pili. Hadi hapa nimesema "wenye kinga", sijasema "waliochanjwa". Si kitu kimoja. Dozi moja ya chanjo ya surua ikitolewa mtoto akiwa na miezi 9, inashika kwa watoto kama 85 kati ya 100. Wale 15 wengine walichomwa sindano, kadi zimeandikwa vizuri, lakini miili yao haikutengeneza kinga ya kutosha, mara nyingi kwa sababu bado walikuwa na kingamwili walizorithi kwa mama, ambazo huizima chanjo kabla haijafanya kazi. Rudini kwenye shule yetu. Tuseme watoto wote 1,000 wamepata dozi moja, hakuna aliyekosa hata mmoja. Wenye kinga ni 850. Zidisheni 150 waliobaki kwa 15, mgawanye kwa 1,000: kila mgonjwa anaambukiza zaidi ya wawili. Yaani mngechanja kila mtoto, bila kumkosa yeyote, na surua ingeendelea kutamba. Hiyo ndiyo sababu ya dozi ya pili. Mama anayeuliza kwa nini amrudishe mtoto wakati alishachanjwa ana haki ya kupewa jibu hili, badala ya kuambiwa tu kwamba ndivyo ratiba inavyosema. Dozi ya pili haiji kuongeza nguvu kwa wale 85 ambao tayari wana kinga. Inawafuata wale 15, na hatuna njia rahisi ya kuwajua, kwa hiyo tunawaita wote. Baada ya dozi 2, wanaokingwa ni kama 97 kati ya 100.

Mmesikia lengo la asilimia 95, sivyo? Tulipime. Watoto 950 wamepata dozi 2, 50 hawakuchanjwa kabisa. Katika wale 950, wenye kinga ni kama 921. Kama R0 ya mahali hapo ni 12, mmevuka kizingiti kwa upenyo mdogo. Kama ni 15, hamjavuka. Kwa hiyo anayesema kuwa asilimia 95 ni lengo la kupindukia, kwamba hata 85 ingetosha, hajapiga hesabu.

Hapa kuna mtego unaonasa hata watu wasomi. Katika shule hii ya 950 na 50, tuseme mlipuko umetokea na kila asiye na kinga ameugua. Wagonjwa ni kina nani? Ni 50 wasiochanjwa, na 28 hivi ambao walichanjwa lakini chanjo haikushika. Mtu akija na orodha ya wagonjwa atasema: zaidi ya theluthi moja ya hawa wamechanjwa dozi zote, chanjo gani hii? Namba yake ni sahihi, lakini hitimisho lake si sahihi. Mwulizeni swali moja tu: wametoka kundi la watu wangapi? Waliochanjwa walikuwa 950, wakaugua 28, yaani 3 kati ya 100. Wasiochanjwa walikuwa 50, wakaugua wote. Kadiri waliochanjwa wanavyokuwa wengi, ndivyo sehemu yao kwenye orodha ya wagonjwa inavyoongezeka, huku orodha yenyewe ikizidi kuwa fupi. Mahali ambapo kila mtu amechanjwa, kila mgonjwa atakuwa aliyechanjwa. Haiwezi kuwa vinginevyo.

Nimewapa hesabu nzuri sana hadi sasa, na lazima niwaambie uongo uliomo ndani yake. Hesabu yote hiyo inachukulia kwamba watoto wanachanganyika ovyo, kwamba kila mmoja ana nafasi sawa ya kukutana na mwingine yeyote. Lakini watu hawaishi hivyo. Mtu anakaa na nduguze, anasali na wenzake, anasoma na wa mtaa wake. Na wanaokataa chanjo, au wasiofikiwa nayo, kwa kawaida wako pamoja: familia moja, dhehebu moja, kijiji kimoja cha mbali, kambi moja. Wale watoto 60 wa shule yetu wakitawanyika madarasa yote, kila mmoja amezungukwa na wenye kinga. Wakiwa wote ni wa ukoo na mtaa mmoja, wanapanda gari moja na kula pamoja, basi surua ikimpata mmoja wao haijali kwamba shule ina asilimia 94. Kwake yeye, jamii ni wale 60, na kati yao kinga ni sifuri. Wastani wa mvua wa nchi nzima unaweza kuwa mzuri, na shamba lako likakauka.

Mfano ulioandikwa vizuri kwenye kumbukumbu za afya ni wa Uholanzi. Ni nchi yenye mfumo imara wa chanjo, na kwa miaka mingi asilimia kama 96 ya watoto wake walipata chanjo ya surua. Kwa takwimu za taifa, kizingiti kilikuwa kimevukwa. Lakini kuna ukanda wa miji na vijiji, unaokatiza nchi kutoka kusini magharibi kuelekea kaskazini mashariki, wanakoishi Waprotestanti wa msimamo mkali wa kihafidhina, na wengi wao hukataa chanjo kwa sababu za imani. Wana shule zao na makanisa yao. Mwaka 1999 surua iliingia humo, wakaugua watu zaidi ya 3,000 waliosajiliwa, na 3 walifariki. Kisha kimya, zaidi ya miaka 10. Katika muda huo watoto wapya walizaliwa, wakakua, wakaanza shule bila chanjo na bila kuwahi kuugua. Mwaka 2013 surua ikarudi. Hadi mlipuko ulipokwisha mwaka 2014, walisajiliwa wagonjwa wapatao 2,700, walio wengi wakiwa watoto wa umri wa shule ambao hawakuchanjwa, na kulikuwa na kifo kimoja. Msafiri alivibeba virusi hivyo hadi Kanada, vikazusha mlipuko mwingine katika jamii yenye msimamo kama huo huo.

Nawaomba mtazame pande zote mbili za habari hii. Upande mmoja, surua haikuenea Uholanzi nzima. Ilizunguka ndani ya ukanda ule, ikigonga ukuta wa watu wenye kinga kila ilipojaribu kutoka. Kinga ya jamii ilifanya kazi yake. Upande mwingine, kwa aliyeishi ndani ya ukanda, ile asilimia 96 ya taifa haikuwa na faida yoyote. Mamlaka za afya zilijua hili, ndiyo maana katika maeneo yenye kiwango kidogo cha chanjo ziliwapa nafasi ya kuchanjwa mapema watoto wa kuanzia miezi 6, badala ya kusubiri miezi 14 ya kawaida yao. Hawakuutegemea wastani. Waliangalia eneo moja moja.

Nisisitize habari ya ule muda wa kimya, kwa sababu ndio unaowadanganya watu kuliko kitu kingine. Ugonjwa usipoonekana, tunadhani tumekingwa. Mwaka 1846 surua iliingia Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Bahari ya Atlantiki, ambako haikuwa imeonekana tangu mwaka 1781. Miaka 65 bila surua. Daktari kijana wa Denmaki, Peter Panum, alitumwa kuchunguza. Kati ya watu wapatao 7,800 waliokuwa visiwani, aliandika kwamba zaidi ya 6,000 waliugua, kwa miezi michache tu. Kilichowalinda miaka yote hiyo kilikuwa ni umbali wa bahari. Lakini Panum aliona jambo jingine la ajabu. Wazee waliougua surua utotoni mwaka 1781 hawakuugua tena, huku wazee wenzao walioikosa mwaka ule wakiugua kama watoto. Kinga ya mtu mmoja mmoja ilidumu miaka 65. Kinga ya kisiwa haikuwahi kuwepo.

Hata bila bahari wala dhehebu, kimya kina tarehe ya mwisho. Chukueni eneo lenye watoto 10,000 wanaozaliwa kila mwaka. Asilimia 90 wanapata dozi moja, wengi tutasema wamefanya vizuri. Chanjo inashika kwa asilimia 85 ya hao, yaani watoto 7,650. Wanaobaki bila kinga ni 2,350. Mwaka wa kwanza hakuna kinachotokea, wala wa pili. Lakini hao 2,350 hawaondoki, wanaongezewa 2,350 wengine kila mwaka, na baada ya miaka 4 wamefika 9,400, karibu sawa na kizazi kizima cha mwaka mmoja. Huo ndio wakati ambao wataalamu wa chanjo huanza kuhofu, na ndiyo sababu mnaona kampeni za surua zinazowaita hata watoto ambao kadi zao zimejaa. Mzazi analalamika kwamba wanarudiarudia tu. Kumbe wanalisaka lile lundo la waliokusanyika kimyakimya.

Kuna wanaosema, basi tuache ugonjwa wenyewe utupe kinga ya jamii, kama zamani. Zamani surua ilikuwa inampata karibu kila mtoto, na watu wazima karibu wote walikuwa na kinga. Je, ilikoma? Milipuko mikubwa ilirudi kila baada ya miaka 2 au 3, mara tu watoto wapya wa kutosha walipozaliwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kabla ya chanjo kuanza mwaka 1963 na kisha kuenea, surua iliua watu milioni 2.6 kila mwaka. Kinga iliyopatikana kwa njia hiyo ilikuja baada ya wale iliyopaswa kuwalinda kuwa wameshaugua.

Sasa nani hasa wanaishi kwa kutegemea kinga ya wenzao? Wa kwanza ni watoto wachanga. Mtoto huzaliwa na kingamwili za mama, lakini hizo zinapungua mwezi hadi mwezi. Mama aliyepata kinga yake kwa chanjo humpa mtoto kingamwili chache kuliko mama aliyeugua surua utotoni, kwa hiyo zinaisha mapema zaidi. Kati ya siku zinapoisha na siku ya chanjo kuna miezi ambayo mtoto hana chochote, na ni umri ambao surua ni mbaya sana. Wa pili ni wenye kinga ya mwili iliyodhoofika: mtoto anayetibiwa saratani ya damu, mtu aliyepandikizwa figo na anatumia dawa za kuzuia mwili usiikatae. Chanjo ya surua ni virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo hao hawawezi kupewa, na wajawazito pia hawapewi. Wapo na wale 3 kati ya 100 ambao wana kadi iliyojaa na hawajui kwamba wamo katika kundi hili. Huenda ni mimi, huenda ni wewe.

Na niseme neno fupi kuhusu magonjwa ambayo kinga ya jamii haina nafasi kabisa. Pepopunda haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Bakteria wake wanaishi kwenye udongo na kwenye mavi ya wanyama, wanaingia kwa jeraha. Mtaa mzima ukichanjwa pepopunda isipokuwa wewe, hatari yako unapokanyaga msumari ni ile ile. Kwa pepopunda, kila mtu anabeba kinga yake mwenyewe au hana. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema chanjo za wengine zinamtosha, mwulizeni kwanza anazungumzia ugonjwa gani.

Mtanishika shati mkisema: sasa tufanye nini na haya yote? Mzazi, tazama kadi ya mtoto. Unachotafuta ni dozi 2 za surua zilizoandikwa tarehe, na kama muda wa ya pili umefika na haipo, hata ukiwa umepita sana, mpeleke. Mwalimu mkuu na mhudumu wa afya, acheni kutosheka na asilimia ya wilaya. Tafuteni ya shule, kisha ya darasa, kisha ya mtaa ambao watoto wake hawaji kliniki. Kama wilaya ina 95 na kijiji kimoja kina 60, namba inayowahusu ni ile 60.

Na kwa yule ambaye kinga ya jamii imemponyoka, yaani amekaa chumba kimoja na mgonjwa wa surua na hana kinga, bado kuna dirisha, lakini ni jembamba. Asiye na kinga anayeruhusiwa kuchanjwa, akipata chanjo ndani ya saa 72 tangu alipokutana na mgonjwa, inaweza kumkinga asiugue au ikapunguza ukali. Asiyeweza kuchanjwa, yaani mtoto mchanga, mjamzito asiye na kinga, mgonjwa wa saratani, anaweza kupewa kingamwili zilizotayarishwa kutoka kwenye damu ya watu wengine, ndani ya siku 6. Tatizo ni kwamba saa hizo zinahesabiwa tangu siku ya kukutana, si tangu upele ulipotokea kwa yule mgonjwa, na mmesikia kwamba aliambukiza siku 4 kabla ya upele. Mara nyingi saa 72 zimeshapita kabla mtu yeyote hajalitaja neno surua. Kwa hiyo mtoto akiwa na homa, kikohozi na macho mekundu, kisha upele ukaanzia usoni na kushuka mwilini, pigeni simu kituoni kabla ya kwenda, ili apokewe kwa mlango wa pembeni, asipitie kwenye benchi walilokaa akina mama na watoto wachanga.

Nitachukua maswali sasa. Naona mkono pale nyuma.